Muuguzi A na Mgonjwa B

Kila aliyewahi kulazwa wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, anajua kwamba mimi naitwa King'ora. Hawaniiti hivyo mbele yangu, wana akili zao, lakini nasikia. Nikitokea mlangoni na troli ya dawa, sigara zinaingia chini ya mito, na yule aliyekuwa hajiwezi kabisa anakaa wima ghafla kama kaitwa kwenye usaili wa kazi. Mimi wala haininyimi usingizi. Kuna wagonjwa wa kubembelezwa na kuna wagonjwa wa kufokewa, na wa pombe nilikuwa nimewaweka wote kwenye fungu la pili.

Ndiyo maana siku tulipoitwa kwenye mafunzo nilikwenda huku nimevuta mdomo. Walituweka kwenye chumba kinachohifadhi vitanda vibovu, viti havikutosha, nikakalia ukingo wa kitanda kisicho na godoro, chuma kikaniingia mpaka mchana. Kila mmoja akapewa kijitabu chenye jalada la bluu: Mazungumzo ya Kuhamasisha: Mwongozo wa Mafunzo kwa Wauguzi Wanaohudumia Wagonjwa Wenye Tatizo la Pombe. Rasimu ya Majaribio. Jina refu kuliko zamu yenyewe.

Aliyekiandika ndiye aliyekuja kutufundisha. Huyu binti mimi nilimpokea mwanafunzi, nikamfundisha kutafuta mshipa wa damu, akalia machozi kwa sababu mgonjwa alimwambia anachoma kama nyuki. Sasa amesoma, ana miwani, ana sauti laini ya kumlaza mtoto, na sote tunamwita Mwalimu. Haya bwana.

"Wenzangu," alisema, "adui wetu wa kwanza ni hamu ya kunyoosha. Unamwona mtu anakosea, mdomo unawasha umwelekeze. Ukimvuta huku, yeye anavuta kule. Kila mtu anayekunywa ana pande mbili ndani yake, upande unaotaka kubaki na upande unaotaka kutoka. Ukiukalia wewe upande wa kutoka, yeye anabakiwa na upande mmoja tu wa kuutetea."

Kaka Dripu, muuguzi mwenzangu, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo mchafu, akaninong'oneza: "Amekuona, dada."

Nikamwambia afunge bakuli lake.

"Fungueni sura ya tatu," Mwalimu akasema. "Mfano wa mazungumzo yasiyofaa. Nani atasoma Muuguzi A?"

Kaka Dripu akanyoosha mkono. Mzee wa maabara, ambaye sijui hata alifuata nini pale zaidi ya chai, akasoma Mgonjwa B. Naweka hapa kama ilivyoandikwa, kwa sababu nilikuja kuijua kwa moyo.

Muuguzi A: Unakunywa?

Mgonjwa B: Kidogo tu, sista.

Muuguzi A: Kidogo cha nani? Kidogo cha ng'ombe? Macho ya manjano hivyo unaniletea habari za kidogo!

Mgonjwa B: Ni za kuondoa uchovu wa kazi.

Muuguzi A: Uchovu utakuishia kaburini. Sasa nisikilize. Hiyo pombe unaiacha leo. Si kesho, leo. Ukirudi hapa unanuka, usikanyage dirishani kwangu.

Mgonjwa B: Sawa, sista.

Kabla Kaka Dripu hajamaliza, chumba kilikuwa kimelala chali kwa kicheko. Kidogo cha ng'ombe! Hospitali nzima hakuna mwingine anayesema kidogo cha ng'ombe. Hata aliyepita koridoni na pipa la taka alichungulia akacheka. Na yule mshenzi Dripu alikuwa amesoma kwa sauti yangu, mkono kiunoni, kichwa upande.

Ikanijia mara moja. Miezi miwili nyuma Mwalimu alikuja kukaa kwenye kliniki ya nje akiwa na kalamu, akasema anajifunza mazingira. Mimi nikamletea kiti! Nikamletea na chai! Kumbe mazingira yenyewe ni mimi.

Chini ya mazungumzo aliandika: Muuguzi ameuliza swali la kufungwa, amekejeli, ametisha, na ametoa ushauri bila kuomba ruhusa. Mgonjwa amesema sawa ili aondoke. Ukurasa wa pili ukawa na mfano unaofaa. Muuguzi A yuleyule, sasa amepakwa asali, anauliza pombe inamfaidia nini Mgonjwa B na inamgharimu nini, anamrudishia maneno yake, anazitambua juhudi zake, mpaka mwisho Mgonjwa B anasema mwenyewe: Nimeamua, kuanzia kesho sigusi tena. Na Muuguzi A anajibu: Huo ni uamuzi wa kijasiri. Chumba kikapiga makofi. Mimi sikupiga.

Kazi tuliyopewa: kila mmoja akazungumze na mgonjwa wake mmoja wa pombe, aombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, amletee Mwalimu asikilize. Maswali ya wazi, sio ya ndiyo au hapana. Kumrudishia mgonjwa alichosema kuwe kwingi kuliko kumuuliza. Nikatoka mbio. Nilikuwa nimeapa kufanya mazungumzo matamu ya kumtoa meno, kumkomoa tu yule mtoto.

Wodini nikamkuta mgeni kwenye kitanda cha dirishani. Nilikuwa mapumziko mwisho wa wiki, sikumpokea mimi. Mwanamume wa makamo, mikono minene yenye makovu ya kuungua, inatetemeka juu ya shuka. Jasho limemlowesha kola. Ulimi ameuuma, midomo imevimba. Faili lilisema fundi bomba, ameletwa jana akiwa ameanguka na kukakamaa mwili mzima, kisa ni kukatiza pombe ghafla. Yuko kwenye diazepamu, vidonge vya kutuliza mwili, na sindano za vitamini.

Akanitazama, akajaribu kutabasamu kwa mdomo ule.

"Sista," alisema, "nilifuata."

"Ulifuata nini?"

"Ulisema niache leo leo. Nilichelewa kidogo. Lakini niliacha."

Macho ya manjano. Mgonjwa B.

Nilishika chuma cha kitanda. Jamani, nimeona damu, nimeona usaha, nimeona mtu kaja na uma shavuni, sijawahi kuhitaji pa kushika. Siku ile nilihitaji.

Akanisimulia bila kuulizwa. Binti yake wa pekee alijifungua, akamwambia wazi: baba, mtoto huyu humshiki ukiwa unanuka. Fundi akakumbuka maneno yangu, akayafanya dira. Ijumaa jioni akamwaga chupa kwenye sinki alilofunga mwenyewe. Usiku hakulala. Jumamosi alitetemeka akatapika, akasema ni uchafu unatoka. Jumapili akaoga, akavaa shati la pasi, akaenda kwa binti. Binti akafurahi mpaka akalia. Akamnyanyua mtoto ampe babu yake, mikono ya Fundi ikanyooka, na hapo hapo akaanguka, akapiga kichwa kwenye meza, akakakamaa huku binti anapiga mayowe, mtoto amembana kifuani.

"Ingekuwa sekunde mbili baadaye," alisema, "ningeanguka naye."

Nikanyoosha shuka lake lililokuwa limenyooka tayari.

"Kwa hiyo mimi nimeshaelewa," akaendelea. "Nilikunywa miaka yote sikuanguka hata siku moja. Nimeacha siku mbili, nimeanguka. Nataka nitoke kesho nirudi kwenye dawa yangu. Angalau nikiwa nayo, simuui mtoto wa watu."

Sasa hapa, badala ya kutulia, si nilifunguka! "Wewe Fundi, una wazimu? Ini limekwisha, unataka kurudi kunywa! Nani kakuambia pombe ni dawa? Ukitoka hapa kwenda baa, mjukuu utamwona kwenye picha!" Yote kwa pumzi moja. Wodi nzima ikakaa wima. Fundi akajigeuza polepole na mpira wake wa dripu, akaangalia ukuta.

Nikajifungia kwenye chumba cha kuoshea mabeseni, ndicho chumba pekee cha wodi chenye komeo. Nikafungua kile kijitabu sura ya tatu, nikisema moyoni ngoja nione huyu mwenye miwani angefanyaje. Nikasoma ukurasa mbaya. Nikasoma ukurasa mzuri. Nikausoma tena ule mzuri. Kuanzia kesho sigusi tena. Huo ni uamuzi wa kijasiri.

Ebo!

Mwalimu nilimkuta koridoni anakunja waya wa projekta. Nikamvuta mkono kama zamani alipokuwa mwanafunzi, nikamwingiza mle chumbani, nikafunga komeo.

"Mgonjwa B yuko kitanda cha dirishani," nikamwambia. "Ameacha kama nilivyomwamuru. Ameanguka, amejing'ata ulimi, nusura aanguke na kichanga."

Uso ulimshuka. "Alikuwa anakunywa kiasi gani?"

"Sijui! Sikumuuliza. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, na chai yangu mkononi, ukaandika kejeli yangu neno kwa neno. Ulimuuliza? Na huyu wa ukurasa mzuri, huyu Muuguzi A mtamu, amemuuliza mgonjwa asubuhi akiamka mikono inakuwaje? Amemuuliza kama amewahi kuanguka? Hakuna. Anampigia makofi aende nyumbani akakate pombe peke yake. Mimi nimemwangusha kwa kufoka, wewe unamwangusha kwa upole. Sakafu ni ileile!"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa, akaivua tena. Hakujitetea, na hilo nitamsifu mpaka nastaafu. Akachukua kalamu, akaandika juu ya ule ukurasa mzuri, kwa herufi kubwa: KABLA YA MPANGO WOWOTE WA KUACHA. Kiasi gani, kila siku au la. Mtetemo na jasho asubuhi kabla ya kunywa. Amewahi kuanguka au kuona mauzauza alipokosa pombe. Mwenye dalili hizi haachi ghafla nyumbani, anaachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa. Akapigia mistari mpaka karatasi ikachanika.

"Nitakwenda kuzungumza naye mimi," akasema.

"Huendi. Ni mgonjwa wangu."

Nilitegemea abishane. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ungependa nini kitokee?" akauliza.

"Nataka abaki amalize dozi. Nataka asirudi kunywa. Nataka amshike huyo mtoto kabla sijapata presha."

"Unaogopa atatoka, atakunywa, na utakuwa wewe uliyemtuma."

Nikafungua mdomo nimwambie asinijaribie kitabu chake. Badala ya maneno yakaja machozi. Mimi, mtu mzima, kati ya mabeseni ya mikojo, nalia kwa kwikwi. Sikuwa nimesema hivyo, alichosema. Lakini ndicho nilichokuwa nimekibeba tangu nione yale macho. Na yeye hakuniambia nyamaza, hakuniambia usijali, alikaa tu juu ya ndoo yake akinisubiri.

"Ndivyo inavyofanya kazi?" nikamuuliza nilipopata pumzi.

"Ndivyo."

"Ni mambo ya kichawi. Nipishe nikanawe."

Nilisubiri jioni, Fundi alipokuwa amekunywa dozi yake na mtetemo umetulia kidogo. Nikavuta kiti, nikakaa, kichwa changu kikawa chini ya chake. Sijui lini mara ya mwisho niliketi karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Fundi, naomba tuzungumze. Ukisema hapana, naondoka."

Akageuza shingo. "Unaondoka kweli?"

"Naondoka."

"Hapana, basi."

Nikainuka. Nikarudisha kiti. Nikatembea mpaka mlangoni, wodi nzima imetoa macho, kuna mmoja alisahau hata kukohoa. Nikiwa nimeshika kitasa, akaniita.

"Haya rudi, sista. Nilitaka kuona tu."

Nikamwomba ruhusa ya kurekodi, nikamweleza atakayesikiliza ni nani na kwa nini. Akasema rekodi. Nikaanza na jambo ambalo halimo kwenye sura yoyote.

"Nilikuamuru uache siku ileile. Sikukuuliza unakunywa kiasi gani wala ukiamka unakuwaje. Ningekuuliza, ungeachia hapa, kwenye kitanda, na dawa. Nimekukosea, Fundi. Nisamehe."

"Asubuhi nilikuwa simalizi kikombe cha chai," akasema. "Nusu inaishia kwenye suruali. Mpaka nipate moja ya kufungulia siku. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Ulikuwa mzigo wako peke yako."

"Eeh."

"Niambie kuhusu siku uliyokwenda kwa binti."

Akaeleza tena, safari hii polepole. Nilikuwa na mambo kumi na mbili ya kumsahihisha. Niliyabana kwa meno.

"Uliacha kwa ajili ya mtoto," nikamrudishia, "na kuacha kwenyewe kukakuangusha mbele yake."

"Ndiyo! Sasa wewe niambie, mtu na akili zake atafanya nini?"

Hapo ndipo zamani ningempa vidonge vyake vya kufokewa, na sizungumzii diazepamu. Nikasema: "Kwa hiyo kwako wewe, chupa ndiyo inayomlinda mtoto."

Alikunja uso. Akaanza kutikisa kichwa kusema ndiyo, kikageukia njiani kikawa hapana. "Haimlindi. Nikinywa binti hanipi hata nimguse. Nitamlindaje mtoto nisiyemuona?"

"Ukinywa, humpati. Ukiacha, unaogopa utamwangusha."

"Hapo hapo, sista. Nimebanwa hapo hapo."

Nakuambia ukweli, kumwacha mtu amebanwa hivyo bila kumvuta ni kazi ngumu kuliko kugeuza mgonjwa wa kilo mia. Nikahesabu mafundo ya pazia. Kisha nikauliza: "Wewe unaelewaje kilichokuangusha?"

"Mwili umekosa pombe."

"Ni kweli. Naweza kukuongezea kidogo, halafu uniambie unavyoona?"

"Ongeza."

"Pombe inaupoza ubongo. Miaka yote ubongo wako umekuwa ukijikaza ili ufanye kazi hivyohivyo na pombe juu yake. Ukiitoa ghafla, kule kujikaza kunabaki bila kizuizi. Unatetemeka, unatoka jasho, wengine wanaanguka. Hivi vidonge vinashika ile nafasi, na tunavipunguza siku hadi siku mpaka ubongo utulie wenyewe. Unaonaje?"

Alitazama dari. Vidole vyake vikaanza kuzungusha kitu kisichokuwepo.

"Ni presha," akasema. "Mtu akifungua valvu kubwa mara moja, bomba linapiga ukutani, maungio yanaachia. Halafu anasema maji ndiyo mabaya. Maji hayana kosa, ni mkono wake. Valvu unafungua robo, unasubiri, robo tena." Akanigeukia. "Kwa hiyo si kuacha kulikoniangusha. Ni nilivyoacha."

Nilitamani nipande juu ya kitanda nicheze. Nikasema tu: "Ni ulivyoacha."

"Na nikimaliza dozi, nikakaa bila? Nitaanguka tena?"

"Uwezekano unapungua sana. Hatari ni urudie kunywa sana, halafu siku moja ukate tena mwenyewe nyumbani. Ikitokea umerudia, njoo hapa kwanza kabla ya kukata."

"Nikija nanuka?"

"Uje unanuka."

Akacheka kidogo, akashika mdomo kwa maumivu. Nikamuuliza, kutoka sifuri mpaka kumi, anajiamini kiasi gani kwamba anaweza kukaa bila pombe akitoka.

"Tatu."

Tatu! Babu mzima, amemwaga chupa, amevaa shati la pasi, tatu! Ulimi ulinicheza mdomoni kama samaki. Nikaumeza. "Kwa nini tatu, na si sifuri?"

Hakutegemea swali hilo. Wagonjwa wote wanategemea uwaulize kwa nini si kumi, wakupe sababu za kushindwa, wanazo nyingi wamezihifadhi.

"Kwa sababu Jumapili nilipita baa ya kona. Mwili wote unatetemeka, macho hayaoni vizuri. Mlango uko wazi, wananiita kwa jina. Nilijua nikinywa moja tu yote yale yanaisha. Sikuingia."

"Katika hali ile, na mlango wazi, hukuingia."

"Sikuingia." Alisema kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari zake. Machozi yakamtoka, akayaacha. "Nilipofika kwa binti nilitaka nimwambie, nikaona atanicheka."

Sikumwambia usilie. Baadaye nikamuuliza nini kingemsogeza kutoka tatu kwenda nne. Akasema jioni ndiyo adui, kazi ikiisha miguu inakwenda yenyewe. Nikamwomba ruhusa nimweleze kuhusu kliniki ya jioni na kikundi cha walioacha, wanaokutana jengo la nyuma. Akasema atakwenda mara moja aone sura zao. Akasema atabaki amalize dozi.

"Lakini sijasema naacha kabisa," akaonya, kidole juu.

"Hujasema."

"Usije ukanitangaza."

"Sikutangazi."

Mwalimu alisikiliza rekodi kesho yake huku akiweka alama. Akaniambia nimemrudishia maneno zaidi ya nilivyomuuliza, nimeomba ruhusa kila mahali, nimepita. Ila kwenye karatasi yake ya alama hakuna kisanduku cha kuomba radhi. Nikamwambia achore. Akataka pia kuitumia kama mfano unaofaa kwenye toleo jipya. Nikamwambia akamuulize mwenye maneno, asije akaiba tena kama mara ya kwanza. Alikwenda kumuuliza. Fundi akataka kujua ataitwaje humo, akaambiwa Mgonjwa B, akalalamika kwa nini si A, yeye ndiye aliyefanya kazi yote.

Siku ya kutoka, daktari alimwandikia ruhusa mchana. Mikono ilikuwa imetulia, macho bado yana umanjano wake, huo utachukua muda na huenda usiishe wote. Alivaa lile shati la Jumapili, sasa halina pasi. Binti yake alikuwa koridoni karibu na ngazi, maana watoto wachanga hatuwaruhusu wodini. Amembana mtoto kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeko kwenye umati.

Fundi akasogea. Binti akarudi nyuma hatua moja. Hakukusudia, nilimwona, miguu tu ilikwenda. Fundi akaiona pia, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Mungu wangu, jinsi nilivyotaka kuingilia! Ningeweza kumweleza yule binti yote kwa dakika moja, ubongo, dozi, kliniki, usiogope mwanangu, mpe. Nilikwisha fungua mdomo. Nikaufunga.

"Ile siku," Fundi alisema, "si kuacha kulikoniangusha. Niliacha vibaya. Hapa wamenishusha taratibu kwa dawa. Kuna kikundi, nitakwenda Jumanne. Sikudanganyi kwamba nimepona, sijui hata kama nitaweza. Nataka, lakini." Akameza mate. "Na kwenye baa ya kona sikuingia. Nilitaka ujue hilo. Nilikuwa natetemeka na sikuingia."

Binti alikuwa analia kimya. "Nakuamini, baba. Lakini nikifumba macho nakuona unaanguka. Ukianguka tena je?"

Fundi akafikiri. Akamtazama mtoto, akaitazama mikono yake. Halafu akaweka mfuko wake chini, akaegemea ukuta, akateremka polepole mpaka akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha katikati ya korido ambako troli hupita. Akapangusa viganja kwenye shati, akavinyoosha juu.

"Hapa hakuna pa kuanguka," akasema.

Watu wakawa wanamruka. Mfagizi akaja na ndoo na mopu yake, nikamzuia kwa mkono, akasubiri. Ile sakafu naijua, najua kila kitu kilichowahi kumwagika pale, na kanuni ya usafi wa wodi naifundisha mimi mwenyewe. Binti akapiga magoti mbele ya baba yake, akamweka mtoto mikononi mwake, na hakuondoa mikono yake, na baada ya muda akaiondoa.